Napanga kwa baba mdogo: ujumbe wa kodi niuandikeje bila kuvunja heshima?

#1 SegereaMwisho

Wakuu, habari za jioni. Naombeni msaada wa maneno.

Nimepanga nyumba ya baba mdogo wangu huku Segerea tangu Januari 2022. Vyumba viwili, sebule, jiko na choo cha ndani. Yeye na mama mdogo wanaishi Korogwe. Wakati naingia tuliongea kwa simu tu, akasema, "Wewe ni mwanangu, lete laki na nusu kwa mwezi, miezi sita sita." Sijawahi kuchelewa. Kila Januari na kila Julai natuma 900,000.

Mwaka huu yametokea mawili. Mwezi wa tatu maji yalikatika wiki nzima, nikanunua tanki la lita 1,000, fundi akajenga kichanja cha tofali, akafunga na pampu. Jumla 432,000 na risiti ninazo. Kabla ya kununua nilimpigia baba mdogo, akasema, "Fanya tu mwanangu, tutaangalia." La pili, wiki iliyopita mama mdogo kaniandikia: "Mwanangu, kuanzia mwezi wa saba kodi ni laki mbili na nusu, maisha yamepanda." Baba mdogo mwenyewe hajaniambia neno.

Kupandisha ni haki yao, nyumba za jirani zinakwenda laki tatu. Ila uwezo wangu ni laki mbili, na zile 432,000 nataka zihesabiwe. Nimeandika hivi tangu juzi na sijatuma:

"Shikamoo baba mdogo. Poleni na majukumu. Samahani sana kwa usumbufu, najua una mambo mengi na mimi ni mtoto wako, sina neno. Ni kuhusu ile hela ya kila miezi sita, mama mdogo kasema imepanda, sasa hali yangu siyo nzuri na kuna lile tanki. Naomba unifikirie baba."

Nikiusoma naona kama naomba nauli. Nikijaribu kuukaza naona kama namshitaki mzee aliyenisomesha kidato cha tano na sita. Niandikeje?

#2 KijanaWaKigogo

Dada, andika mkataba, mpelekee asaini, yaishe. Bila mkataba wa maandishi sheria haikutambui kama mpangaji, wewe ni mgeni tu humo ndani. Na ile kodi wanayokata kwenye LUKU kila mwezi umlipishe, ni 1,000 mara miezi yote uliyokaa.

#3 MzeeWaKibaigwa

Mambo ya baba mdogo hayaandikwi. Panda basi, nunua kilo mbili za sukari, nenda Korogwe, kaa naye barazani. Utarudi na jibu.

#4 FundiTangi

Tanki la lita 1,000 na kichanja na pampu kwa 432,000? Pampu ya aina gani? Na kichanja kina urefu gani? Kama ni chini ya mita mbili maji hayatapanda vizuri kwenye bomba la mvua.

#5 SegereaMwisho

#4 Asante fundi, maji yanapanda vizuri. Tatizo langu ni ujumbe.

#3 Mzee nimekusikia, ila nina zamu za usiku mpaka mwisho wa mwezi, na tarehe 1 Julai inakaribia.

#6 KaraniWaZamani

Nilikuwa karani wa baraza la ardhi na nyumba kwa miaka mingi. Ndugu waliokuja pale kugombea kodi ni wengi kuliko wageni waliokuja kugombea kodi.

Kwanza nimsahihishe kijana wa #2. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inakubali upangaji wa mwaka mmoja au chini ya hapo ufanywe hata kwa mdomo. Kwa hiyo dada ni mpangaji halali. Kinachosumbua watu wa mdomo ni ushahidi: mkigombana, kila mmoja atakumbuka simu ile kwa namna yake. Ndiyo maana ujumbe wake una uzito, kwa kuwa ndiyo karatasi pekee atakayokuwa nayo.

Sasa dada, tazama ulichoandika. Umesema "ile hela ya kila miezi sita." Hela gani? Mtoto akimtumia baba yake hela kila miezi sita, mtu wa tatu akisoma ataona ni matunzo. Nimeshuhudia mpangaji akisimama na miamala ya miaka mitatu, mjomba wake akasema, "Huyu alikuwa ananisaidia kama mwanangu, kodi hajawahi kunilipa hata senti." Na kweli, katika jumbe zote neno kodi halikuwepo hata mara moja. Alikuwa ameandika "mzigo wako", "kitu kidogo", "ile kitu". Aliona haya kulitaja mbele ya mjomba.

Andika "kodi ya nyumba ya Segerea". Ni neno la kawaida, halimtukani mtu.

#7 BabaWawili_Kimara

Mimi niko upande wa pili. Nina mpwa wangu anakaa kwenye nyumba yangu ya nyuma hapa Kimara. Naunga mkono #6, ila ninaongeza kitu ambacho wapangaji ndugu hawakijui: sisi wenye nyumba tunachukia ujumbe unaotuzungusha. Mpwa wangu akianza na "pole na majukumu, samahani kwa usumbufu, najua una mambo mengi", mapigo ya moyo yanapanda, najua kuna jambo. Nikifika mwisho sijui anataka nini. Namjibu "sawa", naye anaenda na "sawa" yangu anaifanyia tafsiri yake.

"Naomba unifikirie" nikufikirie nini? Nipunguze? Nisubiri? Nikusamehe mwezi mzima? Mtu akiniambia "nina uwezo wa laki mbili kwa mwezi kuanzia Julai" namheshimu zaidi, maana hajaniachia kazi ya kubahatisha.

#8 NyakatoMwz

Jamani mnamrukisha dada hatua. Salamu na shauri visikae kwenye ujumbe mmoja.

Mimi nikimwandikia shangazi yangu, ambaye nimepanga chumba chake cha duka, naanza na "Shikamoo shangazi, mmeamkaje?" Nanyamaza. Nasubiri "marahaba mwanangu". Inaweza kuchukua nusu siku. Akishaitikia namjulia hali ya mguu wake. Halafu ndiyo nasema, "Shangazi, nina jambo la duka, nikupigie au nikuandikie?" Mara zote anasema andika. Hapo ameshanipa ruhusa mwenyewe, kwa hiyo ujumbe wa hesabu ukiingia mkavu hauonekani una kiburi. Heshima ilishapita mlangoni.

Dada yeye kaweka shikamoo, pole, samahani, tanki na kodi katika pumzi moja.

#9 Mwanamvita

Salaamu kutoka Mombasa. Huku kwetu hiyo miezi sita kwa mkupuo ni mzigo, sisi twalipa mwezi kwa mwezi. Lakini ya jamaa ni yale yale. Mimi nilikaa nyumba ya ami yangu, na kosa langu lilikuwa kumpelekea sauti. Nilirekodi dakika nne za heshima na mapenzi. Ami akafungua mbele ya wageni, simu iko sauti ya juu, wote wakasikia kuwa sina pesa. Alikasirika yeye na niliaibika mimi.

Kwa hivyo dada, jiulize ni nani husomea baba mdogo jumbe zake.

#10 SegereaMwisho

#9 Umenigusa. Macho yake hayaoni vizuri maandishi madogo. Anayemsomea ni mjukuu wake wa darasa la sita.

#11 Mwanamvita

Basi usiandike chochote ambacho hutaki mtoto wa darasa la sita akitamke kwa sauti uani. "Hali yangu siyo nzuri" iondoe. Mtoto ataibeba mpaka shuleni.

#12 BintiPangani

Naomba niingie na kisa changu. Mimi nilikuwa nalipa kwa mjomba mkubwa, nyumba ya marehemu babu. Miaka miwili. Siku moja mama wadogo wawili wakaja wakaniuliza kodi naipeleka wapi. Kumbe msimamizi wa mirathi alikuwa mjomba mwingine kabisa, mahakama ilishamteua, na mimi sikuwahi kuuliza. Sikulipa mara mbili, lakini nilihama kwa maneno. Dada, hiyo nyumba ni ya nani hasa?

#13 SegereaMwisho

#12 Pole sana. Hii ni ya baba mdogo mwenyewe, alinunua kiwanja yeye na hati ya mauziano ya serikali ya mtaa ina jina lake. Mama mdogo wameoana zaidi ya miaka 30.

#14 KaraniWaZamani

Vizuri. Hapo tunaingia kwenye jambo gumu kuliko tanki: aliyepandisha kodi ni mama mdogo.

Usimwulize baba mdogo, "Je, ni kweli mama mdogo kasema?" Swali hilo likisomwa kwa sauti pale uani, na mama mdogo yuko jikoni anasikia, umeshamfanya mwongo. Wala usimjibu mama mdogo peke yake kama vile nyumba ni yake. Andika kwa baba mdogo hivi: "Mama mdogo amenifikishia ujumbe wenu wa kodi." Neno "wenu" linawaweka wawili pamoja. Kama mzee alikuwa hajui, atajua bila mtu kuaibika. Kama alijua, umemtambua kuwa ndiye mwenye nyumba.

#15 KijanaWaKigogo

#6 Karani nimekuelewa kuhusu mkataba wa mdomo, sikujua. Lakini LUKU je? Ile si kodi ya mwenye nyumba?

#16 KaraniWaZamani

#15 Hapo umepatia nusu. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, na mpangaji anayenunua umeme anamtangulizia tu. Lakini siyo 1,000 tena. Ilianza 1,000 kwa mwezi mwaka 2021, na tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida ni 1,500, yaani 18,000 kwa mwaka. Ghorofa ina hesabu yake.

#17 BabaWawili_Kimara

Kwa miezi sita ni 9,000. Dada, nakusihi usiiweke. Mpwa wangu aliniwekea hesabu ya LUKU kwenye ujumbe wa kodi, mpaka leo ninaikumbuka ile 9,000 kuliko ile 1,080,000 aliyonitumia siku hiyo hiyo.

#18 KijanaWaKigogo

Mkuu lakini ni haki yake.

#19 BabaWawili_Kimara

Ni haki yake, sijakataa. Nasema ukiwa na hoja ya 432,000, usiisimamishe pamoja na ya 9,000. Mzee atashika ile ndogo, atakwambia "hata mia tano za umeme unanihesabia mwanangu", na tanki litasahaulika hapo hapo.

#20 NyakatoMwz

Mimi sikubaliani na #17 moja kwa moja. Shangazi yangu yeye tulikubaliana tangu mwanzo kwamba za LUKU zinakatwa Desemba, na hajawahi kununa. Tofauti ni kwamba lilisemwa siku ya kwanza. Ukilileta mwaka wa nne linaonekana ulikuwa unaandika kwenye daftari kimya kimya.

#21 MzeeWaKibaigwa

Hilo la daftari ndilo ninalosema. Mtoto anayemhesabia baba yake! Enzi zetu ukikaa nyumba ya baba mdogo unapanda mihogo uani, unampelekea gunia, mambo yamekwisha.

#22 Mwanamvita

Mzee wangu, mihogo Segerea ataipanda wapi, juu ya tanki?

#23 MzeeWaKibaigwa

#22 Haya binti, umenishinda.

#24 KaraniWaZamani

Turudi. Tanki ndilo lenye mgogoro kuliko kodi yenyewe, kwa sababu ya neno "tutaangalia". Mwenye nyumba akisema "fanya tu, tutaangalia", mpangaji anasikia "nitakurudishia". Mwenye nyumba alimaanisha "sijakukataza". Wote wawili wana haki ya kusikia walichosikia. Kwa hiyo usiandike "ulisema utanirudishia", maana hakusema. Andika alichosema na siku yake, kisha upendekeze wewe namna ya kumaliza.

#25 BintiPangani

Na asiandike "nakudai". Mimi niliwahi kuandika "mjomba nakudai ya bati", wakaitisha kikao cha ukoo.

#26 NyakatoMwz

#25 Kweli. Kuna "gharama nilizotanguliza". Inasema kitu kile kile bila kumgeuza mzee mdaiwa.

#27 BabaWawili_Kimara

#26 Hapo mimi nina shaka. "Nilizotanguliza" mzee anaweza kuisoma kama umejitolea. Mpwa wangu alitengeneza geti, akaniandikia "nimetanguliza hela ya geti mjomba", nikamjibu "Mungu akubariki". Miezi minane baadaye ananiuliza lini nitamrudishia. Nilikuwa nimeshamshukuru! Bora aandike "naomba zikatwe kwenye kodi". Hakuna namna ya kulisoma vingine.

#28 NyakatoMwz

Basi yote mawili katika sentensi moja: "gharama nilizotanguliza, naomba zikatwe kwenye kodi."

#29 SegereaMwisho

Asanteni. Nimekaa na kalamu. Kama kodi mpya ni 200,000, miezi sita ni 1,200,000. Nikitoa 432,000 nabaki na 768,000 za kutuma. Kwa mwezi ni 72,000 zinakatwa. Nikiandika hivyo si atapokea kidogo kuliko alivyozoea? Alizoea 900,000.

#30 BabaWawili_Kimara

Umeliona mwenyewe. Kodi imepanda halafu hela imeshuka. Kwa mzee anayesubiri Julai ili alipe ada za wajukuu, hilo ni pigo, hata kama hesabu yako iko sawa. Gawa tanki mara mbili: 216,000 Julai, 216,000 Januari. Julai utatuma 984,000. Inazidi 900,000, naye ataona kodi imepanda kweli.

#31 KijanaWaKigogo

Ila hapo dada anabeba hatari. Akiambiwa ahame Desemba, ile 216,000 ya pili imepotea.

#32 KaraniWaZamani

#31 Kijana leo umesema jambo. Ndiyo, anabeba hatari hiyo. Dawa yake ni kuiandika: "Nikiondoka kabla, kiasi kilichobaki tumalizane siku ya kukabidhi funguo, au nitoe tanki na pampu." Ila sentensi hiyo mbele ya baba mdogo ni nzito, sijui kama mimi ningethubutu.

#33 Mwanamvita

Mimi singeiandika. Mtu akikwambia "nikiondoka", huanza kukuona umeshaondoka.

#34 BintiPangani

Mimi ningeiandika, baada ya yaliyonikuta.

#35 SegereaMwisho

Nimefuata #8. Jana jioni nilituma salamu peke yake. Asubuhi ikarudi "marahaba mama, wazima wote". Nikauliza nipige au niandike jambo la nyumba. Kajibu "andika mama nitasomewa". Hii hapa rasimu mpya, ikosoeni kabla sijatuma:

"Baba mdogo, hili ni la kodi ya nyumba ya Segerea.

Mama mdogo amenifikishia ujumbe wenu kwamba kodi inapanda. Nimeupokea. Mpaka sasa nalipa 150,000 kwa mwezi, na kodi ya Januari hadi Juni nimemaliza.

Kuanzia tarehe 1 Julai naomba iwe 200,000 (laki mbili) kwa mwezi hadi mwisho wa Desemba. Laki mbili na nusu mliyotaja, naomba tuizungumze tena Desemba.

Tarehe 14 Machi nilikupigia kuhusu maji, ukaniambia nifanye na tutaangalia. Tanki, kichanja na pampu vimegharimu 432,000. Risiti nimezipiga picha nakutumia. Gharama hizo nilizotanguliza naomba zikatwe kwenye kodi mara mbili: 216,000 Julai na 216,000 Januari.

Kwa hiyo Julai nitatuma 984,000. Ukiona kuna pa kurekebisha, niambie kabla ya tarehe 28, nami nitakupigia siku hiyo jioni. Mwanao."

#36 NyakatoMwz

Hii inasomeka. "Nimeupokea" ni nzuri, hujasema umekubali wala umekataa.

#37 KaraniWaZamani

Naona umeandika tarehe 1 Julai na si "mwezi wa saba". Umefanya vema. Niliwahi kuona kesi ya "kuanzia mwezi wa saba" ambapo mpangaji aliingia Machi. Mwenye nyumba alimaanisha Julai, mpangaji akashikilia ni mwezi wa saba wa kukaa kwake, yaani Septemba. Walikuwa mtu na kaka yake.

Na laki mbili umeiandika kwa tarakimu na kwa neno. Mtoto wa darasa la sita hatakosea.

#38 BabaWawili_Kimara

Kama ningekuwa baba yako mdogo, ningeuliza moja tu: kwa nini laki mbili? Hujasema sababu. Ukisema sababu unarudi kwenye "hali yangu siyo nzuri". Usiposema inaonekana umejipangia bei mwenyewe.

#39 SegereaMwisho

#38 Ndilo linalonisumbua. Nikiandika mshahara wangu ni kiasi fulani, mjukuu atausoma.

#40 Mwanamvita

Sababu mpe kwa simu, tarehe 28. Karatasi ibebe hesabu, mdomo ubebe sababu.

#41 KijanaWaKigogo

Swali kwa Karani. Watsapu inakubalika kama ushahidi? Nilisikia mpaka karatasi yenye muhuri wa mwenyekiti wa mtaa. Na kama mzee akikataa, baraza la kata si litaamua hapo hapo?

#42 KaraniWaZamani

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inakubali ujumbe wa simu kuwa ushahidi, mradi uoneshe umetoka wapi na haukuchezewa. Kwa hiyo asifute mazungumzo, na asitegemee skrinshoti peke yake wakati simu yenyewe ipo. Muhuri wa mtaa unasaidia kupata mashahidi, ila kukosekana kwake hakufuti makubaliano.

Baraza la kata haliamui tena tangu mabadiliko ya sheria ya 2021. Linasuluhisha. Likishindwa ndani ya siku 30, ndiyo mnakwenda baraza la wilaya. Lakini sitaki dada huyu afike hata kwenye ngazi zake.

#43 SegereaMwisho

Nimetuma saa nne asubuhi. Nitarudi.

#44 FundiTangi

Dada, nimesoma uzi wote. Piga picha ya tanki likiwa limefungwa, na kichanja, pamoja na risiti. Wenye nyumba wengi wakiwa mbali wanadhani ni ndoo. Na andika kuwa litabaki kwenye nyumba. Mimi nilipofunga kwa mteja wangu, mwenye nyumba alikubali kukata kodi siku alipoambiwa mpangaji akihama tanki halihami.

#45 KaraniWaZamani

#44 Fundi amesema jambo ambalo sote tuliliruka. Tanki likibaki ni mali ya mwenye nyumba, na hapo ndipo hoja ya kukatwa kodi inaposimama. Likiondoka na mpangaji, akatwe kodi ya nini?

#46 SegereaMwisho

#44 Asante sana fundi. Nimetuma picha tatu, na chini yake nimeandika "hili ni la nyumba, litabaki hapa". Kwa hiyo ile sentensi ya kuondoka na tanki, #32, nimeiacha.

#47 SegereaMwisho

Wakuu, majibu ya jioni. Baba mdogo kaandika: "Nimeona mama. Tanki zuri." Basi. Siku ya pili sasa. "Nimeona" ni kukubali?

#48 MzeeWaKibaigwa

Amekubali. Mzee akikataa hasifii tanki.

#49 BabaWawili_Kimara

Hajakubali. "Nimeona" ni nimeona. Mimi nikiandika "nimeona" maana yake bado sijaongea na mama watoto. Usitume hela kwa "nimeona".

#50 BintiPangani

Kwangu mjomba aliandika "nimeona" na baadaye akasema hakuwahi kukubali. Piga simu tarehe 28 kama ulivyoahidi.

#51 KaraniWaZamani

Tofauti yenu ni ya kweli na mimi sina jibu moja. Nitasema tu kwamba ukituma 984,000 kwa benki, pale kwenye maelezo uandike "kodi Segerea Julai–Desemba, baada ya kukata 216,000 ya tanki", naye akaipokea asirudishe neno, nafasi yako inakuwa nzuri zaidi kuliko ilivyo leo. Akipokea huku ameshakuambia hapana, ni jambo lingine. Kwa hiyo simu ya tarehe 28 usiikose, na ukishakata simu mwandikie kwa ufupi mlichoelewana.

#52 NyakatoMwz

Na ujumbe huo wa mwisho uanze na asante. "Asante baba mdogo kwa mazungumzo ya jioni. Nilivyoelewa ni hivi." Ukikosea kuelewa, ni rahisi kwake kukusahihisha.

#53 SegereaMwisho

Nimepiga leo tarehe 28. Laki mbili kakubali mpaka Desemba. Nilimweleza sababu kwa mdomo, akasema, "Hilo ungeniambia tangu mwanzo." Nusu ya tanki Julai kakubali. Nusu ya Januari kasema tena "tutaangalia". Nikakaa kimya kidogo kwenye simu, naye akakaa kimya. Halafu mama mdogo akachukua simu akauliza kama tanki linaweza kuhamishiwa Korogwe, huko maji ni shida kuliko Dar.

#54 BabaWawili_Kimara

Haya sasa. Umemjibu nini?

#55 SegereaMwisho

Nilisema "nimesikia mama mdogo". Ujumbe wa baada ya simu nimeuandika mpaka laki mbili na 216,000 ya Julai, nimeutuma, na mjukuu kajibu kwa niaba yake "babu anasema ni sawa". Ya Januari na ya tanki kwenda Korogwe sijui niyaandikeje. Niyaache mpaka nikienda mwenyewe mwezi wa nane, au niyaweke leo?

#56 FundiTangi

Kulitoa pale juu bila kulipasua ni kazi. Waambie kwanza gharama ya usafiri.

#57 MzeeWaKibaigwa

Mwezi wa nane nenda. Na sukari usisahau.